Shajara ya mradi: rubriki ya swali moja la insha ya fasihi

Jumatatu. Swali, na rubriki tuliyoikuta

Swali lenyewe ni hili: "Katika hadithi hii kimya kinasema mengi kuliko maneno. Jadili kauli hii ukirejelea wahusika wawili. (Alama 20)". Hadithi ni fupi, kurasa mbili. Tuliitunga wenyewe idarani ili asiwepo mwanafunzi aliyekariri uchambuzi wake kutoka kwenye mwongozo wa kitabu teule. Baba na binti wanaishi peke yao. Mama ameondoka na hakuna anayelitaja jambo hilo, mpaka siku moja inakuja barua. Kuna sentensi ambayo karibu kila jibu linaigusa: "Baba aliikunja barua mara nne, akaiweka chini ya sahani, akaendelea kula." Nitaitumia hiyo kama jiwe la kupimia, kwa sababu wanafunzi wa uwezo tofauti wameishika kwa namna tofauti kabisa.

Rubriki ya idara ina vigezo vinne vya alama 5 kila kimoja: uelewa wa hadithi, uchambuzi, mpangilio na lugha. Chini ya uchambuzi imeandikwa hivi: 5, uchambuzi bora wenye kina, 4, uchambuzi mzuri, 3, wa kuridhisha, 2, hafifu, 1, hafifu sana. Ngazi zinapanda bila shida, ila zinapanda kwa sifa tupu. Mwalimu akiniambia jibu fulani ni "zuri" na mimi nikasema ni "la kuridhisha", hatuna cha kuonyeshana. Kila mmoja ana kipimo chake kichwani, na rubriki haikigusi.

Tatizo ni la zamani. Mwaka 1912 huko Marekani, Daniel Starch na Edward Elliott walipeleka majibu mawili ya mtihani wa Kiingereza kwa walimu wa shule nyingi za sekondari, kila mwalimu akisahihisha nakala zilezile. Jibu moja lilipata kati ya 64 na 98 kwa mia, la pili kati ya 50 na 97. Ukitazama maneno kama "mzuri" na "wa kuridhisha", unaona pengo la namna hiyo linavyoweza kutokea bila mwalimu yeyote kuwa mzembe.

Jumanne. Hesabu kabla ya maneno

Kabla ya kuandika maelezo ya ngazi nimejaribu kuona mgawanyo wa alama unampa nani ushindi. Nimechukua majibu mawili. La kwanza ni la mwanafunzi anayeandika kwa ufasaha, aya zimepangika, lakini anasimulia hadithi upya mwanzo hadi mwisho. La pili ni la mwanafunzi mwenye makosa mengi ya sarufi, aya zimegongana, ila kila anachosema kuhusu kimya amekitoa ndani ya hadithi na kukichimba.

Kwa rubriki iliyopo, msimulizi anapata uelewa 3, uchambuzi 1, mpangilio 4, lugha 5: jumla 13. Mchambuzi anapata uelewa 5, uchambuzi 5, mpangilio 1, lugha 1: jumla 12. Swali lilisema "jadili", na asiyejadili amemshinda aliyejadili. Hapo hata ukiandika maelezo ya ngazi ya dhahabu, mizani yenyewe imepinda.

Mgawanyo mpya ninaoupendekeza una vigezo vitatu. Kujibu kauli ya swali, alama 6. Ushahidi na uchambuzi, alama 10. Mpangilio na lugha kwa pamoja, alama 4. Uelewa wa hadithi nimeuondoa kama kigezo kinachojitegemea. Haiwezekani kuchambua usichokielewa, na kuuweka peke yake ni kumlipa mwanafunzi mara mbili kwa kazi moja. Nimerudia hesabu kwa majibu yaleyale: msimulizi 2, 3 na 4, jumla 9; mchambuzi 5, 8 na 1, jumla 14.

Mkuu wa idara hakupenda lugha na mpangilio kubaki na alama 4 tu. "Mwalimu, wataandika ovyo," alisema. Nikamjibu kwamba lugha ina karatasi yake nzima ya kupimwa. Hapa tunapima fasihi, na lugha mbovu ikifikia kiwango cha kuficha hoja, hoja hiyo itapotea yenyewe kwenye kigezo cha uchambuzi. Tumekubaliana 4 ibaki kwa jaribio hili.

Alhamisi. Marundo

Leo sijaandika neno hata moja la rubriki. Nimechukua majibu ya jaribio, nimefunika majina, nimesoma na kuyapanga mezani kwa kuyalinganisha mawili mawili: lipi linaifanyia kazi zaidi sentensi ile ya barua? Marundo yakajitenga. Baada ya hapo ndipo nikajiuliza kinachotenganisha rundo na rundo jirani, nikikitafuta kwenye sentensi za wanafunzi. Nadhani huu ndio mpangilio sahihi wa kazi. Ukianza na maelezo utaandika unachotamani kukiona, na unaweza kujikuta na ngazi ambayo hakuna jibu hata moja linaloingia.

Haya ni ya marundo matano, kuanzia chini, na nimeyaandika kama yalivyo isipokuwa tahajia:

Rundo la chini: "Baba alipata barua akaikunja akaweka chini ya sahani akala chakula chake."

Linalofuata: "Kimya kinaonekana pale baba alipokunja barua. 'Baba aliikunja barua mara nne.' Pia mwandishi ametumia taswira."

La kati: "Baba hakutaka binti yake ajue kilichoandikwa, ndiyo maana hakusema kitu akaendelea kula."

La nne: "Kuikunja mara nne ni kuifanya iwe ndogo kabisa isionekane. Halafu 'akaendelea kula' inaonyesha anaigiza kwamba hakuna lililotokea, kwa hiyo kimya chake ni kama uongo."

La juu: "Kimya cha baba ni cha kuficha lakini cha binti ni cha kungoja, maana yeye anaitazama sahani mpaka chakula kinapoa. Wote wamenyamaza ila hawasemi kitu kimoja, ndiyo maana swali lake la mwisho linakuwa kubwa: ni maneno ya kwanza ya kweli. Kwa hiyo kauli si kweli mpaka mwisho."

Ukiyasoma kwa mfululizo utaona tofauti haiko kwenye wingi wa maneno wala idadi ya dondoo. Wa kwanza anarudia tukio. Wa pili anaonyesha mahali. Wa tatu anatoa sababu ya tukio. Wa nne anashika maneno yenyewe na kusema yanafanya nini. Wa tano anaunganisha sehemu mbili za hadithi na kutumia muunganiko huo kuipima kauli. Hiyo ndiyo ngazi, na imetoka kwa wanafunzi.

Inafanana na mpangilio unaoitwa SOLO, ambao John Biggs na Kevin Collis waliutoa mwaka 1982: majibu hupangwa kwa muundo wa fikra iliyomo, kuanzia jambo moja peke yake, kisha mambo mengi yasiyoungana, kisha mambo yaliyoungana, hadi kuvuka mpaka wa kilichoulizwa. Ni msaada mzuri, ila katika fasihi kuna hatua ambayo mpangilio huo hauitaji kwa jina, nayo ni kutoka kwenye *tukio* kwenda kwenye *maneno yaliyotumika kulisimulia*. Wanafunzi wetu wengi wanakwama hapo hapo, kati ya rundo la tatu na la nne.

Ijumaa. Rasimu ya kigezo cha ushahidi na uchambuzi

Alama 10 kwa ngazi tano, alama mbili kila ngazi.

Ngazi ya 1 (1–2): Anasimulia tena matukio ya hadithi. Maneno ya hadithi yakitokea, yametokea kama sehemu ya masimulizi.

Ngazi ya 2 (3–4): Anaelekeza mahali husika, kwa dondoo au kwa kurejelea, au anataja mbinu ya kisanaa kwa jina. Baada ya dondoo au jina hilo anahamia kwenye jambo lingine.

Ngazi ya 3 (5–6): Anatumia dondoo au rejeleo kueleza kwa nini mhusika ametenda au amenyamaza. Maelezo yanamhusu mhusika kama mtu.

Ngazi ya 4 (7–8): Anachagua neno, kirai au kitendo mahususi ndani ya dondoo na kueleza kinamfanya msomaji ajue, ahisi au ashuku nini.

Ngazi ya 5 (9–10): Anafanya hayo ya ngazi ya 4 na kuunganisha sehemu mbili au zaidi za hadithi, ili maana ya sehemu moja ibadilike au iongezeke kwa sababu ya nyingine.

Kanuni mbili ziliniongoza katika uandishi. Kwanza, kila ngazi inasema mwanafunzi *anafanya* nini, hata za chini. Rubriki nyingi zinaeleza ngazi za chini kwa makosa: hajaeleza, hana ushahidi, hakujibu. Maelezo ya namna hiyo yanamwambia msahihishaji atafute kisichokuwepo, na kisichokuwepo hakina mwisho. Pili, hakuna ngazi inayotofautiana na jirani yake kwa kivumishi peke yake. Nilijipima hivi: nilifuta "kina", "wazi", "ipasavyo" na "kikamilifu" kila zilipojitokeza, nikasoma tena kuona kama ngazi mbili bado zinatofautiana. Kama hazitofautiani, hazikuwa mbili.

Mwenzangu alipendekeza tuweke idadi: dondoo nne au zaidi kwa ngazi ya 5, tatu kwa ngazi ya 4, na kuendelea. Nimeelewa mvuto wake. Idadi haina ubishi, na usahihishaji unakwenda haraka. Lakini tulipoichukua na kuipima kwenye marundo, jibu moja lenye dondoo sita, zote zikifuatiwa na "hii inaonyesha kimya", lilipanda juu, na jibu lenye dondoo mbili zilizochambuliwa neno kwa neno likashuka. Wanafunzi nao wakijua idadi inalipa wataleta idadi. Namba pekee tuliyoibakiza ni ile ya swali lenyewe, wahusika wawili, na hiyo iko kwenye kigezo cha kujibu kauli. Anayeshughulikia mhusika mmoja hapati zaidi ya 4 kati ya 6 hapo, ila kwenye uchambuzi anapata anachostahili. Akiadhibiwa kote kuwili, kosa moja limemgharimu mara mbili.

Jumatatu, wiki iliyofuata. Kusahihisha kila mtu peke yake

Walimu wa idara tumechukua nakala za majibu yaleyale, bila alama wala maandishi yoyote pembeni, kila mmoja akasahihisha kwake. Kanuni ilikuwa moja: ukitoa ngazi, pigia mstari sentensi iliyokufanya uitoe. Bila kanuni hiyo kikao kinageuka mabishano ya hisia.

Kwenye majibu mengi tumetofautiana alama moja, jambo la kawaida. Matatu yalitugawa, na kila moja lilionyesha ufa wa aina yake.

La kwanza lilipata 4 kwa mwalimu mmoja na 8 kwa mwingine, kigezo cha uchambuzi. Tulipotazama mistari iliyopigiwa, wote walikuwa sahihi: aya ya tatu ilikuwa ya ngazi ya 4 bila shaka, na aya nne zilizobaki zilikuwa za kuelekeza mahali na kuondoka. Mmoja alisahihisha kilele, mwingine alisahihisha uwanda. Rubriki haikusema kipi kihesabiwe. Tumeongeza sentensi juu ya jedwali: chagua ngazi inayofanana na sehemu kubwa ya jibu, sehemu iliyovuka ngazi hiyo inampa alama ya juu ya ngazi. Jibu hilo limekaa kwenye 4 ya ngazi ya 2. Mwalimu aliyetoa 8 amekubali kwa shingo upande, na sina hakika kwamba kanuni hii ina haki kwa kila jibu. Mwanafunzi mwenye aya moja ya namna ile anaweza zaidi ya 4. Lakini tunapima jibu zima, na aya ile tumeiandikia maoni pembeni ili ajue alikofika.

La pili lilikuwa orodha ya mbinu: "Mwandishi ametumia taswira, takriri, taharuki na ishara." Mwalimu mmoja alitoa 6. Tulipomuuliza mstari uko wapi, alisema, "Jamani, sisi wenyewe ndio tumewafundisha wataje mbinu." Ni kweli, na ni jambo la kurekebisha darasani. Kwenye rubriki, kutaja bila kusema mbinu inafanya nini kunabaki ngazi ya 2, na tumeongeza mfano huo huo chini ya ngazi ili asije msahihishaji mwingine akashawishika na istilahi.

La tatu ndilo lililonifurahisha. Mwanafunzi alidai kimya cha baba ni huruma: anaikunja barua ili binti ale kwanza, habari mbaya isimkute na njaa. Hoja hiyo haikuwa kwenye orodha yetu ya hoja zinazotarajiwa. Wawili walimpunguzia, mmoja alimpa 8. Tulirudi kwenye hadithi. Je, kuna kitu kinachoipinga? Hakuna. Kuna kinachoiunga mkono? Kipo: kabla ya barua, baba amesogeza kipande kikubwa cha samaki upande wa binti, na mwanafunzi alikinukuu. Amepata 8.

Katika rundo hilohilo kulikuwa na mwingine aliyedai baba hajui kusoma, ndiyo maana alinyamaza. Ni hoja ya kuvutia, ila aya ya pili ya hadithi inamwonyesha baba akisoma tangazo mlangoni kwa sauti. Hadithi inaikataa. Kwa hiyo kipimo cha tafsiri tusiyoitarajia kimeandikwa hivi: ikubaliwe kama ina mshiko ndani ya hadithi na hakuna sehemu ya hadithi inayoivunja. Orodha ya hoja zinazotarajiwa tumeihamishia karatasi nyingine, na juu yake tumeandika kwamba ni mifano. Ikikaa pamoja na ngazi, msahihishaji aliyechoka huanza kuweka tiki kwa kila hoja iliyopo na kusahau ngazi kabisa.

Jumatano. Majibu ya mfano

Maelezo ya ngazi hata yakiandikwa kwa uangalifu huwa yanasomwa tofauti na watu tofauti. Kinachoyashika ni majibu halisi yaliyoambatanishwa. Kwa kila ngazi tumechagua jibu moja la katikati, na kwa kila mpaka jibu moja la mpakani lenye maelezo ya kwa nini limeangukia upande huo. Ya mpakani ndiyo yenye kazi kubwa. Jibu la katikati ya ngazi ya 3 hakuna anayebishana nalo.

Mfano wa mpaka kati ya 3 na 4: "Baba anaendelea kula kwa sababu anaogopa, na neno 'akaendelea' linaonyesha hivyo." Ameshika neno, lakini hajasema neno hilo linafanya nini, amelibandika kwenye sababu aliyokuwa nayo tayari. Tumemweka 6, alama ya juu ya ngazi ya 3. Angeongeza hata kwamba "akaendelea" linafanya kula kuonekane kama hakukuwahi kukatizwa, angevuka.

Ijumaa. Toleo la wanafunzi

Rubriki hiyohiyo, kwa nafsi ya pili, maneno machache. Toleo la kwanza la ngazi ya 4 lilisema "Eleza athari ya neno ulilolichagua". Tuliwapa darasa moja waandike aya moja. Zikarudi sentensi kama hii: "Athari ya neno hili ni kwamba linamwathiri msomaji." Walikuwa wametii maelekezo kabisa. Tumebadilisha kuwa swali: "Ukilisoma neno hili, unajua, unahisi au unashuku nini ambacho usingekijua kama mwandishi angetumia neno lingine?" Aya zilizofuata zilikuwa na makosa yake, lakini angalau zilisema kitu. Mmoja aliandika kwamba kama baba angeikunja barua mara moja tu, tungedhani anaitunza. Mara nne ni kuizika. Nimeiomba sentensi hiyo iingie kwenye majibu ya mfano.

Pia tuliwapa aya tatu zisizo na majina wazipange kwa rubriki, wawili wawili. Walikubaliana haraka kuhusu ngazi ya 1 na ya 4. Walibishana kuhusu 2 na 3, kwa sababu wengi waliona dondoo ndani ya alama za kunukuu na wakadhani hapo ndipo alama zilipo. Hilo litahitaji somo zima, na rubriki peke yake haitalimaliza.

Hali ilivyo sasa

Kigezo cha uchambuzi kimetulia. Kigezo cha kujibu kauli bado kina mgogoro kwenye ngazi ya juu: je, mwanafunzi lazima aipinge kauli kwa sehemu ili apate 5 au 6, au anaweza kuiunga mkono mwanzo hadi mwisho kwa hoja nzito? Mimi naona anaweza, mradi ameonyesha kwamba upande wa pili upo na amesema kwa nini haumtoshi. Mwenzangu anaona neno "jadili" linadai pande mbili zenye uzito. Tumekubaliana kutafuta jibu moja linalounga mkono kauli tu lakini kwa nguvu, tulisahihishe wote, halafu maelezo yaandikwe kutokana na jibu hilo.

Kwa swali lijalo, ngazi tano za uchambuzi zitabaki kama zilivyo. Mifano yote itabadilishwa, na orodha ya hoja itaanza upya, kwa sababu swali kuhusu msimulizi au kuhusu mandhari litaleta marundo yake lenyewe.